Rangi ya kitenge kwenye foto: kuwasha filta kabla ya kupiga au kurekebisha baadaye?

MamaWaksi_Kenya
Jambo yenu. Ninauza vitenge hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Wateja wangu wengi siku hizi hawafiki dukani. Wanaona foto kwenye status ya WhatsApp, wanatuma hela kwa simu, nami ninawapakilia mzigo kwenye basi la Likasi au Kolwezi.

Shida ni rangi. Mteja wa Kolwezi amenirudishia waksi nyekundu yenye maua meusi. Anasema kwenye foto ilikuwa nyekundu ya damu, lakini alipofungua mfuko akakuta nyekundu ya tofali. Binti yangu ndiye anayepiga foto, na huwasha filta ya Vivid kabla ya kupiga "ili rangi zitoke". Dada yangu anasema tupige foto kavu bila kitu, halafu tutengeneze kwa Snapseed. Kila jioni ni ubishi nyumbani. Simu ni Samsung ya kawaida, dukani kuna taa mbili za LED na mlango mkubwa unaotazama barabara. Nani ana haki?

Fundi_Simu_Ruashi
Dada yako ana haki. Filta ikiwashwa kabla ya kupiga, imeshaingia ndani ya foto, hutaitoa tena. Hata kwenye iPhone ni hivyo hivyo. Wateja wananiletea simu wakitaka niwatolee filta, ninawaambia haiwezekani, mupige upya.

PapaStudio_Kamalondo
Fundi, kwa simu nyingi za Android usemalo ni kweli. Kwa iPhone umechanganya vitu viwili.

Kuna filta zenyewe, kama Vivid, Dramatic au Noir. Hizo hata ukiziwasha kabla ya kupiga, simu inatunza foto ya asili chini yake. Ukifungua Edit unaweza kuibadilisha au kurudi Original. Halafu kuna Photographic Styles, zilizokuja na iPhone 13 mwaka 2021. Hizo zinafanya kazi wakati simu yenyewe inaiunda foto, na kwa iPhone 13 hadi 15 ukishapiga hairudi nyuma. iPhone 16 ya mwaka 2024 ilibadilisha jambo hilo: mtindo unaweza kuugeuza baadaye, mradi foto imehifadhiwa kama HEIF, si JPEG. Kwa hiyo hao unaowarudisha nyumbani, baadhi ungewasaidia kwa kubonyeza mara mbili tu.

Mama, kwa simu yako hakuna haja ya kubishana. Mwambie binti apige foto moja na filta, aifungue kwenye galeri, aingie sehemu ya kurekebisha atafute kitufe cha kurudisha foto ya asili. Asipokiona, au kikiwepo lakini rangi hazibadiliki, ujue filta imechomwa ndani.

Ila kabla sijasema nani ana haki, nijibu mambo mawili. Foto hiyo ilipigwa wapi hasa dukani? Na kwenye kitenge chenyewe, ile mistari myembamba ya nyufa za nta inaonekana kwenye foto?

MamaWaksi_Kenya
Papa Studio, aksanti. Ilipigwa ukutani, karibu na taa, mlango uko mkono wa kushoto. Nimeangalia mistari sasa hivi. Kwenye kitenge ipo, myekundu iliyokoza juu ya nyekundu. Kwenye foto hakuna, pale pote ni nyekundu moja tu kama rangi ya kupaka ukuta.

PapaStudio_Kamalondo
Nilitegemea hivyo. Hapo njo Vivid imekula.

Kila nukta ya JPEG ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bulu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Tuseme nyekundu yako ya tofali, pale kitambaa kinapopata mwanga vizuri, ina nyekundu 240, kijani 75, bulu 55. Ule mstari wa nta pembeni yake una nyekundu 222, na kijani na bulu chini kidogo. Macho yanaona tofauti ya 240 na 222, njo maana unauona mstari. Vivid inapokoleza, inaisukuma nyekundu juu na kuzishusha zile mbili. 240 inagonga 255. 222 nayo inagonga 255. Hakuna namba juu ya hapo. Sasa mstari na kitambaa vina nyekundu sawasawa, na kwa kuwa kijani nayo imeshuka karibu na sifuri, tofali imegeuka damu. Mteja wako hakukuonea.

Ubaya ni kwamba ukishaiona foto hiyo ukapunguza Saturation baadaye, zile 255 mbili zinashuka pamoja. Zitakuwa sawa hata uzishushe wapi. Unapata nyekundu iliyopoa, lakini mistari hairudi.

Na msidanganywe na grafu ya mwangaza kwenye simu. Grafu nyingi zinapima mwangaza wa jumla, ambamo kijani ina uzito mkubwa kuliko nyekundu. Kitambaa chekundu kinaweza kuwa kimeshajaa hadi juu huku grafu ikikuonyesha katikati, shwari kabisa. Nyekundu, rangi ya chungwa iliyokoza na njano ya yai, hizo tatu ndizo zinazojaa mapema. Kukuza foto na kutafuta mistari ya nta ni kipimo bora kuliko grafu.

Nadeje_Katuba
Jambo papa. Mimi pia nina shida hiyo. Kwenye arusi ya mdogo wangu nimepiga foto na Tecno, wote tumetoka weupe kama tumejipaka unga, na mikunjo ya uso hakuna. Sikuweka filta yoyote! Naomba programu ya kuturudishia ngozi yetu.

Fundi_Simu_Ruashi
Yaya Nadeje, hiyo si filta, ni Beauty. Simu nyingi zinatoka dukani ikiwa imewashwa. Ifungue kamera, utafute Beauty, uweke 0.

Nadeje_Katuba
Na zile za arusi?

PapaStudio_Kamalondo
Za arusi, weusi wa ngozi unaweza kurudi kiasi kwa kushusha mwangaza wa uso kwa zana ya Selective ya Snapseed. Lakini ngozi iliyolainishwa haina tena alama zake, hakuna programu itakayojua zilikuwa wapi. Hilo ni swali lingine, mama, lifungulie uzi wake ili tusimpoteze Mama Waksi.

Kizito_RAW
Jamani mnahangaika bure. Jibu ni RAW, foto ghafi ambayo simu haijaipika. Lightroom ina kamera yake, unachagua DNG, njo faili ya RAW, unapiga, halafu rangi zote unaamua nyumbani. Filta kabla ya kupiga ni mambo ya watoto. Mimi sijapiga JPEG tangu zamani.

Aline_Mshonaji
Kaka Kizito, umeshawahi kupiga vitenge arobaini asubuhi moja na kuvipandisha status kabla ya saa nne? Mimi nina atelie ya ushonaji, ninapiga kila nguo inayotoka. DNG ya kamera ya megapikseli 12 inaweza kufika MB 24 kwa foto moja, JPEG yake haifiki hata MB 5. Simu ya mama ikiwa na nafasi ya kawaida itajaa kabla ya mwezi kwisha. Halafu kila DNG lazima uifungue, uitengeneze, uitoe kama JPEG, ndipo uitume. Na si kila simu ya bei ya chini inakubali DNG. Kuna ambazo Lightroom inakuonyesha JPEG tu.

Ninakubali kwamba RAW ingeokoa ile mistari ya nta. Namba zake zina nafasi kubwa zaidi kuliko hizo 256. Lakini ukipiga JPEG bila filta, mwangaza ukiwa chini kidogo, mistari inabaki pia.

Kizito_RAW
Na WB, ile White Balance inayoamua nyeupe iwe ipi? Kwenye JPEG WB imeshaamuliwa na simu. Kwenye RAW unaichagua baadaye bila hasara. Hilo hamlizungumzii.

PapaStudio_Kamalondo
Kizito, hapo una neno zito, na ndipo yule dada mtetezi wa foto kavu anapopata nusu tu ya haki.

Foto "kavu" haipo. Hata bila filta, simu inaamua yenyewe ni rangi gani iwe nyeupe. Inaangalia vilivyomo kwenye fremu na kubahatisha. Ukitandaza kitenge cha bulu kikajaza fremu nzima, simu inafikiri mwanga wenyewe ni wa bulu, inaongeza njano ili kusawazisha, na bulu yako inafifia. Ukileta cha njano, inafanya kinyume. Vitenge viwili, ukuta uleule, dakika ileile, na foto mbili zenye mizani tofauti. Dada atarekebisha kila moja kwa macho, na macho nayo yanachoka.

Kwa hiyo ninyi wawili, binti na dada, mnabishania jambo la mwisho kabla ya kumaliza la kwanza. Kabla ya kupiga kuna vitu vitatu ambavyo hakuna Snapseed itakayovirudisha: mwanga gani unakipiga kitambaa, mwangaza wa foto, na WB iliyofungwa. Filta haimo kwenye vitatu hivyo. Mkikosa la kwanza, hata RAW ya Kizito haiwasaidii. LED za bei rahisi zina upungufu wa nyekundu ile nzito. Kitambaa hakiwezi kurudisha mwanga usiokifikia, kwa hiyo nyekundu inatoka imezimia kama kahawia, na hapo ndipo binti anashawishika kuwasha Vivid. Halafu upande wa mlango unapata mwanga wa anga ambao ni wa bulu zaidi. Kitenge kimoja, mianga miwili. Ukisawazisha upande wa taa, upande wa mlango unageuka bulu.

Mtoto_wa_Kadutu
Nawasalimu kutoka Bukavu. Sisi sokoni Kadutu tunauza chini ya maturubai, langu ni la bulu. Kila foto inatoka bulu, ninairekebisha na White Balance ya Snapseed, ninagusa kitu cheupe. Nyeupe inarudi vizuri kabisa, lakini vitenge vya rangi ya chungwa vinatoka kama majivu, na vimejaa chengachenga. Nimefikiri kamera yangu imekufa.

PapaStudio_Kamalondo
Kamera yako ni nzima. Turubai la bulu linapitisha bulu na kuzuia sehemu kubwa ya nyekundu na chungwa. Kitenge cha chungwa chini yake kinapata mwanga kidogo mno wa kukirudishia rangi. Ukirekebisha, Snapseed inachukua ile nyekundu kidogo iliyopo na kuizidisha, na chengachenga zake zinazidishwa pamoja nayo. Sogea ukingoni mwa turubai, kitambaa kitazame anga, mgongo wako ndio uwe upande wa turubai. Ni hatua mbili tu, na inashinda filta zote.

Mtoto_wa_Kadutu
Nitajaribu kesho, mvua ikiruhusu.

Aline_Mshonaji
Mama Waksi, hivi ndivyo ninavyofanya mimi, inakwenda haraka. Zima LED zote. Toa kitambaa nje, kivulini, upande ambao jua halipigi moja kwa moja lakini anga inaonekana wazi. Jihadhari na ardhi yetu. Udongo mwekundu wa Lubumbashi ukipigwa na jua unarusha wekundu wake juu, na sehemu ya chini ya kitenge inageuka. Ninatandika shuka nyeupe ya zamani chini, basi.

Halafu ninaingia hali ya Pro ya kamera na kuitoa WB kwenye Auto. Kivulini ninaiweka karibu na 6500K, naiacha hapo kwa vitenge vyote. Si lazima iwe sahihi kabisa, muhimu isitembee. Mwangaza ninaushusha kidogo kwa vitambaa vyekundu na vyeusi, kama -0.7, maana kamera ikiona cheusi inataka kukifanya kijivu. Kwa vyeupe ninapandisha. Foto ya kwanza ninaipiga na kitu cheupe pembeni ya kitenge, zinazofuata bila hicho.

Baadaye, Snapseed: ninafungua ile ya kwanza, White Balance, kidude cha kuchagua rangi juu ya kile cheupe, ninahifadhi. Foto zinazofuata zinapata marekebisho yaleyale kwa Last Edits. Hakuna kubahatisha moja moja.

Fundi_Simu_Ruashi
Cheupe chochote? Karatasi ya fotokopi?

PapaStudio_Kamalondo
Karatasi inafaa kwa haraka, ila nyingi zimetiwa dawa ya kung'arisha inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa bulu. Ukiitumia kama kipimo, foto inatoka na umanjano kidogo. Nunua tefloni, ule utepe mweupe ambao fundi wa bomba anauzungushia kwenye nyuzi za mabomba. Ukunje matabaka mengi juu ya kipande cha kadi hadi kadi isionekane. Weupe wake hauelemei rangi yoyote, na bei yake haizidi soda. Angalizo moja tu: kwenye foto utepe usiungue. Ukiwa 255 kwa namba zote tatu, umeshajaa, na hauwezi kukuambia lolote kuhusu mwanga.

Gloria_Butiki
Ninawasoma nacheka. Mimi niko hapahapa mjini, ninauza waksi na super, na ninapiga na filta kali kila siku. Tulijaribu foto za ukweli, watu wanapita tu, hakuna anayeuliza bei. Status ina vitu mia, lazima chako kipige kelele. Anayerudisha ni mmoja mmoja. Mnamfundisha mama kupoteza wateja.

MamaWaksi_Kenya
Gloria, wewe mteja wako yuko mjini, akikataa anakuja unambadilishia. Wangu yuko Kolwezi. Basi la kurudisha ninalipa mimi.

Gloria_Butiki
Hapo sawa, sina jibu. Lakini foto baridi hainunuliwi, hilo silitoi.

Aline_Mshonaji
Yaya Gloria, kukoleza si kosa. Swali ni lini. Ukikoleza baadaye unakuwa na foto mbili: ya kelele kwa status, na ya ukweli unayomtumia mtu aliyeuliza bei, kabla hajatuma hela. Ukikoleza kabla, unayo ile ya kelele tu. Na ukikoleza baadaye unasimama pale mistari inapoanza kupotea, badala ya kuiachia simu iamue.

Gloria_Butiki
Foto mbili kwa kila kitenge? Nani ana muda huo?

Kizito_RAW
Ndiyo sababu nilisema RAW.

Aline_Mshonaji
😂

MamaWaksi_Kenya
Narudi na habari. Tumefanya leo asubuhi nyuma ya duka, kivulini, LED hakuna, shuka chini, tefloni kwenye kadi. Ile nyekundu imetoka tofali kamili, na mistari ya nta inahesabika. Binti bado anasema "imepoa". Tumekubaliana anaruhusiwa kukoleza kwenye nakala, na ile ya kwanza haiguswi.

Ila kuna kimoja kimenishinda. Nina kitenge cha zambarau, kwenye macho ni zambarau ya bilinganya, kwenye foto ni bulu. Vingine vyote vya asubuhi hiyohiyo viko sawa. Tefloni inaonyesha nyeupe safi.

Fundi_Simu_Ruashi
Ongeza nyekundu kwenye White Balance.

PapaStudio_Kamalondo
Usiguse White Balance, mama. Tefloni imeshakuambia mizani ni sahihi. Ukiongeza nyekundu, zambarau itakaribia kupona lakini nyeupe ya maua itageuka waridi.

Zambarau za namna hiyo rangi yake inarudisha bulu pamoja na nyekundu ya mwisho kabisa, ile iliyo ukingoni mwa uwezo wa macho. Kamera za simu zina kioo mbele ya sensa kinachozuia miale isiyoonekana, na kioo hicho kinakata na sehemu ya nyekundu hiyo. Jicho lako linaipata, sensa haiipati, inabaki bulu. Simu nyingine inaweza kuipata vizuri zaidi, inategemea kioo chake.

Kwa foto hiyo peke yake, ifungue Lightroom, kwenye rangi moja moja uchague bulu, usogeze Hue kuelekea zambarau, huku umeshika kitenge pembeni ya skrini karibu na dirisha. Usinakili marekebisho hayo kwenda foto nyingine. Kama kitenge kina bulu halisi ndani yake pia, nayo itasogea, na hapo ninafikia mwisho wa ujuzi wangu kwa simu.

Mtoto_wa_Kadutu
Na skrini ya mteja je? Mimi ndugu yangu ana Samsung, kwenye Screen mode ameweka Vivid, foto yangu ya ukweli kwake inaonekana imekolea. Mwingine usiku anawasha ile ya kulinda macho, kila kitu njano.

PapaStudio_Kamalondo
Skrini ya mteja huitawali. Unaweza kumwomba azime ile ya kulinda macho kabla ya kuchagua, zaidi ya hapo sina.

Aline_Mshonaji
Kwa mteja wa mbali mimi hupiga kitenge pamoja na kitu anachokijua: chupa ya soda nyekundu, noti ya franka. Skrini yake ikikosea, inakosea kwa vyote viwili, naye analinganisha.

Kizito_RAW
Noti za franka zimechakaa, kila moja ina rangi yake. Chupa sawa.

MamaWaksi_Kenya
Basi hicho cha zambarau sikipandishi status. Nitamkatia mteja kipande kidogo, kitaenda na basi pamoja na mzigo wa mwingine. Papa Studio, hiyo tefloni inachafuka haraka na vumbi la huku, inaoshwa au ninabadilisha?

PapaStudio_Kamalondo
Toa tabaka la juu tu, chini yake iko safi.

Nadeje_Katuba
Nimefungua uzi wangu wa arusi, papa, njoo tafadhali.